Salamu za Taratibu

Kila Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wasichana wawili walibeba mizigo ya nguo za watoto kutoka nyumbani hadi sokoni, mmoja mbele na mwingine nyuma. Wa mbele aliitwa Chapuchapu. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu hata chai aliinywa ikiwa inafuka moshi, asije akachelewa. Wa nyuma alikuwa binamu yake, mtoto wa mama mdogo, aliyekuja kukaa nao miezi mitatu iliyopita mama yake alipolazwa hospitali ya mbali. Huyo alitembea kana kwamba barabara yote ni yake, basi watoto wa mtaani wakambatiza Taratibu. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili.

Mama yake Chapuchapu aliuza mitumba ya watoto kwenye meza ndefu, kati ya muuza ndoo na muuza nyuzi. Kwa kazi ya meza, Chapuchapu hakuwa na mpinzani. Alijua kukunja sweta kwa mikunjo mitatu mkono ukionekana kwa juu. Alijua bei ya kila nguo, bei ya kuanzia na ile ambayo mtu haruhusiwi kushuka chini yake. Alikuwa akifanya hivyo tangu darasa la tatu. Taratibu alikuwa hajui hata tofauti ya saizi.

Ndiyo maana roho ilimuuma sana alipoona wateja wanaenda kwa Taratibu.

Alimchunguza kwa jicho la pembeni siku nzima. Mteja akisimama upande wa Chapuchapu, yeye alianza papo hapo. "Karibu dada, hiyo mia nane, kitambaa safi, chukua kabla haijaisha." Dada yule alishika nguo, akasema mia tatu, Chapuchapu akacheka kwa dharau, dada akaitupa nguo na kwenda zake.

Upande wa pili alifika muuguzi mmoja, viatu vyeupe vimejaa vumbi.

"Shikamoo mama," alisema Taratibu.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Za kazini?"

"Ah, za kazini! Nimetoka zamu sasa hivi. Miguu hii si yangu."

"Pole. Kaa kidogo." Taratibu akamsogezea kigoda. Mwanamke akaketi, akapumua, akasimulia kidogo habari za zamu na za mwanawe anayekua kila siku na kumaliza nguo. Taratibu hakugusa nguo hata moja. Ni baada ya hapo tu ndipo muuguzi mwenyewe aliponyoosha mkono akachukua sweta la kijani.

"Hili unaniuziaje?"

"Mia nane, mama. Ila nitakuambia, hapa kwenye kiwiko limeanza kulegea. Tazama."

Muuguzi akatazama. "Basi nipe kwa mia tano."

"Tukutane kwenye mia sita."

"Haya." Akalipa, na akachukua na soksi jozi mbili bila hata kuuliza kama zina tundu.

Chapuchapu alitaka kulia. Taratibu amemwonyesha mteja kasoro ya nguo, na mteja amenunua zaidi! Huo ni uchawi au ni nini? Lakini mama yake, aliyekuwa akifungua belo jipya la mitumba, alitabasamu kwa namna ambayo Chapuchapu hakuwa ameiona ikielekezwa kwake kwa muda mrefu.

"Mwenzako anamsalimu mtu mpaka anatulia," mama alisema. "Wewe unasalimu bei."

Chapuchapu akalikunja upya sweta lililokuwa limekunjwa tayari. Na kabla hajayameza maneno hayo, mama akaongeza jingine. Mwezi ujao angekodi meza ya pili, karibu na lango. Mmoja wao ndiye angesimamia meza hiyo kila Jumamosi. "Nitaona nimkabidhi nani."

Meza ya lango! Chapuchapu aliiota tangu alipokuwa mdogo kiasi cha kulala chini ya ile ya zamani. Leo aje mtu wa miezi mitatu ambaye hajui hata kukunja sweta aichukue? Haiwezekani. Usiku ule alimgeuzia binamu yake mgongo, na asubuhi hakumwitikia alipomsalimu.

Akaamua kumwibia ujanja. Wiki nzima alikariri maneno. Kama ni salamu tu, mbona rahisi! Jumamosi iliyofuata alitega sikio kila Taratibu alipofungua mdomo. Alimsikia akimwuliza muuza ndoo kuhusu paa lake linalovuja. Alimsikia akizungumza na fundi cherehani, mama mmoja mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni, aliyekuwa akinunua nguo za wajukuu.

"Mama yako anaendeleaje na mguu?" Taratibu aliuliza.

"Anaendelea, mwanangu. Na wako?"

Hapo Chapuchapu akaacha kusikiliza. Alikuwa ameshapata alichotaka. Mguu wa mama, akajisemea, akauweka akiba.

Jumamosi ya tatu mama alikwenda kuulizia meza ya lango, na Taratibu akaenda kuchota maji. Chapuchapu akabaki peke yake, akifungua furushi kwa haraka, na nani akatokea kama si fundi cherehani. Moyo ukamruka kwa furaha. Huyu alikuwa mteja wa Taratibu, tena mteja wa nguo tano kwa mpigo. Akimpata huyu, mama akirudi maneno yamekwisha.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba."

"Habari za nyumbani? Mama anaendeleaje na mguu?" aliuliza huku ameinamia furushi, akitafuta sweta moja jekundu.

"Mama tumemzika Jumanne," fundi akasema.

"Afadhali, tunamshukuru Mungu," alijibu Chapuchapu, maana ndivyo alivyokariri. "Sasa leo nina sweta jipya, kwa sababu ni wewe, mia saba tu."

Alipoinua kichwa na sweta mkononi, muuza ndoo alikuwa amesimama na ndoo yake hewani, anamkodolea macho. Fundi aliivuta futi iliyokuwa shingoni, akaikunja polepole, akaitia mfukoni, kisha akageuka na kuondoka. Hapo ndipo maneno yaliyosemwa yalipomfikia Chapuchapu masikioni.

Mama aliporudi akauliza, "Fundi hajapita? Aliniahidi atakuja."

"Amepita," Chapuchapu alisema. "Bei imemshinda."

"Fundi?" Taratibu alishangaa, akitua ndoo ya maji. "Yule habishani sana na bei."

"Leo amebishana."

Muuza ndoo akakohoa, lakini akamwachia aseme mwenyewe.

Siku mbili Chapuchapu hakupata usingizi wa kueleweka. Kilichomkera zaidi ni kwamba mtu pekee ambaye angeweza kumsimulia ni yule yule aliyekuwa akimwonea kijicho. Jumatatu jioni, wakiosha vyombo uani, akamwaga yote kwa mkupuo, sauti ikiwa ndogo, macho kwenye sufuria. Alingoja Taratibu acheke. Angekuwa yeye, angecheka.

Taratibu hakucheka. Aliacha sahani majini. "Masikini fundi," alisema. "Mimi na yeye tulianza kuulizana kwa sababu mama zetu wote walikuwa wagonjwa. Hapa mjini ni yeye peke yake anayeniuliza habari za mama."

"Mama naye anakuuliza," Chapuchapu alijitetea.

"Mama mkubwa anapiga simu hospitali, anaulizia daktari. Mimi, nani ananiuliza?"

Walilala kitanda kimoja miezi mitatu. Chapuchapu alijua Taratibu anakoroma akilala chali, alijua anaficha peremende kwenye soksi, lakini mara hata moja hajamwuliza mama mdogo anaendeleaje. Alikuwa na kazi ya kumhesabia wateja.

"Anaendeleaje?" akauliza hatimaye. Taratibu alichukua muda mrefu kujibu, na safari hii Chapuchapu akangoja, mikono ikiwa imejaa povu.

Kisha wakaenda wote wawili kwa mama. Chapuchapu akasema alimdanganya, si bei iliyomshinda fundi. Mama alisikiliza hadi mwisho. Alikasirika, na hakuficha. Lakini alichosema kilikuwa kifupi. "Kesho ukitoka shule uende kwake. Usichukue nguo wala zawadi. Nenda na mdomo wako na masikio yako."

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili na vipande vya vitambaa vilivyojaa sakafuni hadi mtu akanyage kwa uangalifu. Fundi alikuwa anapinda shingo ya gauni. Alipomwona, mguu wake ukasimama kwenye pedali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Chapuchapu alisahau yote aliyoyapanga njiani. "Pole kwa kufiwa," alisema. "Na unisamehe. Nilikuuliza, lakini sikuwa nataka jibu. Nilitaka ununue kwangu usinunue kwa Taratibu. Nilimwonea wivu."

Fundi aliliweka gauni kando. "Angalau hilo ni kweli," alisema. "Tumeshapoa, mwanangu. Kaa hapo, sogeza hayo makasi."

Akakaa. Fundi akapiga cherehani kidogo, akaacha, akaanza kumsimulia jinsi marehemu alivyomfundisha kushona kwa mkono, na jinsi alivyomfumulia kila mshono uliopinda. Chapuchapu hakutia neno ila pale alipoulizwa. Alipotoka giza lilikuwa linaanza kuingia, na hakuwa ameuza hata soksi.

Jumamosi fundi alikuja. Mama alikuwepo, Taratibu alikuwepo, na muuza ndoo alijifanya anapanga ndoo. Taratibu alitaka kuinuka, lakini fundi alikwenda moja kwa moja hadi upande wa Chapuchapu akasimama, kama anayemsubiri.

"Shikamoo mama," Chapuchapu alisema, mikono ikiwa mitupu. "Umeamkaje?"

"Nimeamka. Usingizi bado haujarudi vizuri."

"Pole. Hata jana hukulala?"

"Jana angalau." Wakaongea kidogo hivyo, mambo ya usingizi na ya wajukuu, mpaka fundi mwenyewe akachagua suruali mbili ndogo. "Unaniuziaje?"

"Mia tano kila moja. Lakini hii zipu yake inakwama ikifika katikati."

"Zipu ni kazi yangu. Mia saba zote mbili?"

"Mia nane, mama."

"Haya, na unitafutie sweta. Chagua wewe, nakuamini."

Fundi alipoondoka, mama alichukua kitambaa akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Meza ya lango atasimamia Taratibu," alisema. "Wewe utabaki na mimi hapa kwanza."

"Roho inaniuma, mama," Chapuchapu alisema, Taratibu akisikia.

"Najua, na ni bora umesema kuliko kuficha," mama alijibu. "Sikiliza basi. Mteja akisimama hapa, hakujui wala humjui, na kila mmoja anaogopa mwenzake atamwibia. Salamu ndiyo nafasi yake ya kukupima. Ukimwuliza hali yake na ukakaa kulisikia jibu, anajua hata ukitaja bei utakuwa unamwona yeye kama mtu. Ukimwuliza huku macho yako yako kwenye mfuko wake, analijua hilo pia, na hakuna punguzo litakalomrudisha. Umeuza leo kwa sababu hukuwa na haraka naye. Endelea hivyo, meza nyingine zitakuja."

Chapuchapu akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua furushi la nguo za meza ya lango, akalinyanyua upande mmoja, akamngoja binamu yake ashike upande wa pili. Walikwenda hadi langoni kwa mwendo wa Taratibu.