Saa Kumi na Mbili ya Kitanda cha Nne

Kila alipokuwa na zamu ya usiku, muuguzi Skolastika alipanda bajaji kutoka Nangara, akafika hospitali saa moja na robo, akanawa mikono, kisha akasoma karatasi za dawa kabla hajamgusa mgonjwa yeyote. Wenzake walimtania kwamba hata kikombe cha chai angekidai kitambulisho. Yeye alicheka tu, akaendelea kusoma.

Jioni moja alikabidhiwa zamu na mkuu wa wodi ya watoto, Mama Aikande. Damasi, muuguzi wa mchana, alikuwa ameondoka ghafla na gari la wagonjwa, akimsindikiza mtoto aliyehamishiwa hospitali ya rufaa.

"Kazi yako ya kwanza ni kitanda cha nne," Mama Aikande alisema. "Evelyne, yule mwenye kisukari. Insulini ya jioni bado. Hapa pameandikwa amechomwa saa moja asubuhi na saa sita mchana."

"Mchana? Daktari si aliagiza mara mbili tu, asubuhi na jioni kabla ya chakula?"

"Labda sukari ilipanda, wakamwongezea. Sahihi ni ya Damasi."

Neno hilo "labda" lilimkera Skolastika. Hata hivyo, alivuta yuniti kumi za insulini kwenye bomba la sindano, Mama Aikande akahakiki kiasi, kisha Skolastika akaenda kitanda cha nne.

Evelyne, msichana wa miaka kumi na mmoja kutoka Sigino, alipoona sindano alijivuta hadi ukutani.

"Shikamoo, Sista. Mimi nimeshachomwa."

"Marahaba. Hata jana ulisema hivyohivyo."

Ni kweli, jana alisema hivyo, na ulikuwa uongo mtupu. Sukari yake ilipanda mpaka akawa anakunywa maji kama aliyetoka kulima. Skolastika alimtazama usoni, akaitazama karatasi, akamtazama tena. Mmoja kati ya hawa wawili alikuwa anamdanganya, na karatasi ilikuwa na sahihi.

"Leo ni kweli, Sista! Haki ya Mungu!" Machozi yakamtoka.

"Usiape kwa Mungu bure. Ulichomwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Chakula kilikuwa kimefika."

Skolastika alitaka kumkaripia, lakini ulimi ukasita. Saa kumi na mbili. Kwenye karatasi, mwandiko wa haraka wa Damasi ulisomeka: 12:00. Karatasi za dawa huandikwa kwa saa ishirini na nne, ambapo 12:00 ni saa sita mchana, na saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Je, Damasi aliandika kama anavyotamka?

Aliiweka sindano kwenye trei, akamtoboa Evelyne ncha ya kidole, akagusisha tone la damu kwenye mashine ya kupima sukari. Ikaonyesha 4.8. Mtoto aliyekosa insulini ya jioni angekuwa juu zaidi ya hapo. Akampigia Damasi simu.

"Kitanda cha nne? Nimemchoma mwenyewe kumi na mbili jioni, na nimeandika," Damasi alijibu. Skolastika akamsomea tarakimu zilizo kwenye karatasi. "Mungu wangu! Niliandika kumi na mbili?"

Yuniti kumi za pili zingeishusha sukari ya Evelyne usiku kucha. Angetetemeka, angetokwa na jasho, pengine angepoteza fahamu wakati wodi nzima inadhani amelala. Skolastika aliitupa sindano kwenye boksi la sindano zilizotumika. Hakufuta kosa. Alilipiga mstari mmoja ili lisomeke, akaandika 18:00 kando yake, akasaini pamoja na Mama Aikande, na taarifa ikaandikwa kwa daktari.

Kisha akaketi kitandani. "Nisamehe, Evelyne. Nilikushuku wewe kuliko karatasi."

Msichana aliinamisha kichwa. Akanong'ona, "Sista, nikwambie? Ugali sikuumaliza. Nilimpa mwenzangu wa kitanda cha tano."

Skolastika alisimama mara moja. Insulini ya saa kumi na mbili ilikuwa bado inafanya kazi, na tumboni hamkuwa na chakula cha kutosha! Alileta maziwa na mkate, akamsimamia mpaka akamaliza, akampima tena baada ya muda. Mashine ikaonyesha 6.9, kiwango salama.

Mama Aikande, aliyekuwa amebeba mkoba tayari kwenda nyumbani, alisimama mlangoni, akamtazama Evelyne. "Mwanangu, uongo wa jana ulikaribia kuufanya ukweli wako wa leo ukose msikilizaji. Nasi wakubwa, tarakimu moja iliyoandikwa ovyo nayo ni uongo, hata kama hatukukusudia. Lakini hilo la ugali hakuna karatasi ingelituambia. Umelisema mwenyewe, na hilo ndilo litakalotufanya tulale salama."