Kiraka Chini ya Dirisha

Soko la Bab Jebli lilikuwa limefurika asubuhi ile. Widad alikuwa amechuchumaa mbele ya magunia ya rangi za unga, akisugua nila kwenye ukucha wa dole gumba. Suruali yake ya jinzi ilikuwa na madoa ya nusu ya nyumba za Sfax, na kitambaa chake chekundu kilikuwa kimeteleza hadi shingoni.

"Dada, unanunua au unapaka kucha?"

Aligeuka. Kijana mrefu, mabomba mawili begani, tabasamu limejaa uso.

"Wewe ni fundi bomba au umeyaiba?"

"Fundi. Nadhir. Ya kuiba ni ya jioni."

Widad alicheka bila kutaka. Jikoni kwao bomba lilikuwa likivuja ndani ya ukuta, akamwambia. Siku hiyohiyo Nadhir akafika na tindo.

"Kata kidogo," Widad alimsihi. "Ukuta huu aliupaka marehemu mama kwa mkono wake. Na ukiziba, tumia chokaa."

"Kwa amri yako, malkia wa brashi."

Alikata kwa upole kama anayepasua mkate wa moto, akaziba, akapitisha chokaa juu, akaenda. Tangu hapo simu hazikukatika. "Umekula nini?" "Mloukhia, ule mchuzi wa mlenda." "Bila mimi? Una roho ngumu, mpenzi." Widad alijibu kwa ukali, huku mashavu yakimwaka.

Baba yake, Mzee Hamouda, alisimama mbele ya kile kiraka cheupe na kutikisa kichwa. "Ijumaa kikionekana bado, napaka jiko zima ile rangi nyeupe ya mafuta niliyonunua. Siwezi kula nikitazama kovu."

Widad hakuogopa. Watu walimwita kutoka mitaa ya mbali awalinganishie rangi. Mama yake, Zohra, alikuwa amechanganya chokaa, nila ya kufulia na udongo wa manjano, ikatoka kijani cha pistachio. Lakini chini ya dirisha, penye kiraka, nila ilikuwa imefifia, manjano ikabaki juu. Kwa hiyo Widad alipunguza nila, akatia chembe ya udongo wa kahawia kuua ung'avu. Kila rangi aliilowesha kwanza kwa maji hadi ikawa uji laini, ndipo akaitia kwenye chokaa. Alijua chokaa ikiwa mbichi hudanganya: huonekana nzito, ikikauka hupauka. Akapaka kwenye kigae, akakianika, akakilinganisha na ukuta kwa mwanga wa dirisha, macho nusu yamefumbwa. Sawasawa!

Akapaka kiraka. Kilipokauka kilikuwa na mabaka, pembeni kikimenyeka kama ngozi iliyoungua. Akakwangua kwa kucha. Chini, kitu kigumu, cha kijivu.

Akapiga simu. "Nadhir, umeweka saruji?"

"Nilitaka bomba lishike vizuri. Nimezoea..."

"Saruji hainywi chokaa! Nilikuomba kitu kimoja tu. Huo ni ukuta wa mama yangu, si choo cha hoteli. Usipige tena."

Hakupiga. Kesho yake akaja mwenyewe, shati jeupe limepigwa pasi, ndoo ya chokaa iliyolowekwa mwaka mzima mkononi, na kipande cha lipu kilichofungwa gazetini.

"Hiki ndicho nilichokata," alisema, macho chini. "Sikuweza kukitupa. Nilidhani ni kwa sababu kinatoka kwako. Sasa naona kina kazi."

Widad alikitazama. Rangi ya mama upande mmoja, lipu tupu upande wa pili.

"Ingia," alisema. "Lakini usiongee."

"Hata neno?"

"Hilo ni neno."

Nadhir aling'oa saruji yote, akapiga lipu ya chokaa na mchanga, kwa mwiko mwepesi. Iliposhika, Widad alijaribu mchanganyiko wake upande mtupu wa kile kipande, akakigeuza, akalinganisha na rangi ya mama. Nila bado kidogo mno, akaongeza tone. Akaulowesha ukuta, akapaka tabaka nyembamba kama maziwa, moja, ikakauka, nyingine, akafifisha kingo kwa brashi yenye unyevu.

Ijumaa Mzee Hamouda alipitisha kiganja ukutani, kutoka dirishani hadi kwenye kona, akarudi. Kisha akamwita Nadhir, aliyesimama mlangoni akisokota kofia.

"Ulikata wapi?"

"Hapa, mzee." Nadhir akagusa. Akasita, akasogeza mkono. "Au... hapa."

"Siyo hapo," alisema Widad, kidevu juu.

Mzee akaguna, macho yamelowa. "Rangi nyeupe nairudisha dukani. Na wewe, kijana, waambie wazazi wako waje kumposa binti yangu. Hatutawaweka sebuleni. Watakaa hapa, waelekee ukuta huu."

"Baba, wageni jikoni?"

"Waketi waone," alisema. "Zohra na binti yake, nani alipaka wapi? Watajaribu kukisia hadi chai ipoe."