Jeneza Lisilo na Kilio

Ufukweni Mama Ngina Jumamosi jioni watu huwa wamefurika, na katika msongamano huo ndipo Shukri, msichana wa mtaa wa Kibokoni, alipochukua sahani ya mihogo isiyokuwa yake. Alivaa buibui jeusi lenye darizi za fedha mikononi, akanukia udi, tena ana njaa. Mwenye sahani, kijana mrefu mwenye shati la samawati lililopigwa pasi likanyooka, alimwacha ale vipande vitatu kwanza.

"Pilipili imetosha, dada?"

"Imezidi. Kwani wewe ndiye muuzaji?"

"Mimi ndiye mwenye mihogo."

Jina lake Mung'aro, Mgiriama wa Kaloleni, Muislamu, karani wa kampuni ya mizigo, akikaa Ganjoni. Simu zikaanza. Baada ya miezi minane Kibokoni nzima ilijua, na wambea wenyewe walikiri kwamba kijana ana adabu, akipita barazani humsalimu kila mtu, hata wanaomsema.

Basi Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, Shukri alilala chini ya feni akaota. Viatu vimejaa mlangoni kwao. Wanawake wako ghorofani, kimya, kahawa inanukia. Akachungulia dirishani, akaona wanaume wanatoa jeneza, na aliyeshika mbele ni Mung'aro. Akamuuliza jirani yake nani amekufa. Akajibiwa, "Shukri, wa nyumba hii."

Aliamka, akatema mate kidogo kushotoni mara tatu, akageuka ubavu kama alivyofunzwa afanye akiota vibaya, wala hakumwambia mtu. Mpaka hapo hakukosea. Kosa lilikuja baadaye, pale alipojiaminisha kuwa siku zake zimekwisha, na kwamba ni heri Mung'aro amchukie sasa kuliko amzike akiwa mkewe.

Mung'aro alipopiga, alimjibu kikavu, "Tafuta mwengine."

"Nimekukosea nini, roho yangu?"

Shukri akakata. Siku tatu simu ililia, hakuigusa. Ya nne ukaja ujumbe: kazi imemhamishia Kisumu, ataondoka Jumapili, na alitaka Jumamosi alete wazee, ndoa ifungwe, lakini haji palipofungwa mlango.

Shukri alisoma akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi, machozi yakadondokea kwenye nazi. Shangazi yake, Bi Jannat, ambaye nyumba yake haikosi wageni watano, akamnyang'anya nazi, akafunga mlango wa jiko na kumwambia aseme. Akasema yote.

Bi Jannat hakushtuka. Alianza kuuliza.

"Palikuwa na kilio?"

"Hapana."

"Wewe mwenyewe ulilia?"

"Nilikuwa natazama tu."

"Ulikiona kaburi?"

"Jeneza lilitoka mlangoni, nikaamka."

"Basi hukuota kifo, mwanangu. Umeota kutoka."

Akaeleza taratibu, huku akichuja tui. Yeye aliota maziko yake mwenyewe wiki aliyoachana na mume wa kwanza, na leo ni miaka thelathini na mbili tangu hapo, yu hai, ananenepa. Binti yake alipokwenda Maskati, Bi Jannat aliota anafuata jeneza la mtu asiyemjua, kila anayemuuliza jina halijui. Ndani ya jeneza lilikuwamo lile ambalo yeye mwenyewe hakuwa amekubali kulitaja, kwamba nyumba imebaki tupu. Wazee wa kufasiri ndoto husema hivyo hivyo: anayejiona anazikwa pasi na kilio huenda ni msafiri, au mtu anayeaga alivyokuwa. Na hata bila wazee, akili hutazama. Mtu anapoondoka bila kurudi, shughuli kubwa tuijuayo ya kuagana ni maziko. Usingizini akili huchukua hiyo.

"Ndoto haimuui mtu," akasema. "Wiki ile Mung'aro alikuuliza nini?"

Shukri akafikiri. Mung'aro alimuuliza kama mama yake ataweza kukaa bila binti. Akanunua sanduku kubwa, akadai ni la rafiki. Na Shukri mwenyewe, bila sababu, alishaanza kupunguza nguo kabatini.

"Moyo wako ulishajua unahama. Ukaona Shukri wa nyumba hii anatolewa. Ukamfukuza mbebaji."

Shukri aliosha mikono akapiga simu. Mung'aro alipokea. Akamsimulia ndoto yote, mpaka nani alishika mbele, na kwa nini alimkatia simu.

"Uliogopa nibaki mgane," Mung'aro akasema polepole.

"Niliogopa."

"Na mimi huko nililia?"

"Hukulia."

"Ningelia vipi, nami nakwenda nawe?"

Jumamosi, baada ya alasiri, Shukri alisimama ghorofani kati ya wanawake. Kahawa ilinukia. Alichungulia dirishani: viatu vimejaa mlangoni, na jozi ya mbele, iliyong'arishwa kupita zote, aliijua.

Alifunga dirisha, akaenda kufungasha.