Mabaka Amerudi Peke Yake

Bibi Ngolo wa Kasansa alikuwa na majigambo yake. "Tangu nizaliwe," alipenda kusema, "jua halijawahi kunikuta kitandani." Kisha akafikiri kidogo na kuongeza, "Ukiacha jana. Na juzi. Na ule mwaka mzima niliokuwa bibi harusi."

Asubuhi moja ya mwaka 1996 aliyasema hayo huku akizoa majivu jikoni, lakini mjukuu wake Nyanzala hakucheka. Nyanzala, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa anatazama mlango wa chumba cha mama yake. Ulikuwa bado umefungwa. Alifagia uwanja, akaufagia tena, akatoka kuchungulia barabarani, akarudi na kushika ufagio mara ya tatu.

"Unafagia uwanja au unauchuna ngozi?" Bibi aliuliza.

"Kuna takataka, bibi."

"Takataka zilishakimbia. Nenda shule."

Shuleni nako hakutulia. Mwalimu alipoandika hesabu ubaoni, macho ya Nyanzala yalikuwa dirishani. Alikuwa anasubiri mtu, ingawa mtu huyo hakuwa ameahidi kuja.

Wazazi wake walikuwa wameachana. Mama yake, Josefina, alirudi na Nyanzala kwa wazazi wake, Bibi Ngolo na mumewe, wakati shauri likisikilizwa, kwanza kwenye baraza la usuluhishi la kata, halafu mahakama ya mwanzo. Mwaka mzima wa shauri Josefina alikuwa imara. Aliamka alfajiri, akakamua, akasukasuka maziwa kwenye kibuyu, akabishana na mashahidi. Shauri lilipokwisha, babu alirudisha ng'ombe kumi na mmoja wa mahari kwa Malale, baba yake Nyanzala, aliyeishi upande wa Mamba, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ndivyo walivyokubaliana, ili mtoto abaki na mama yake. Zizini walibaki ng'ombe wawili tu.

Ng'ombe walipoondoka, nguvu za Josefina nazo ziliondoka. Usiku alijigeuzageuza hadi majogoo, mchana akalala. Uji aliuacha upoe. Akiulizwa alisema, "Nimeshakula." Akina mama wa kwaya walipokuja kumwona, aliwaambia ana malaria. Wiki ya tatu ya malaria hiyo, wakaacha kuja.

Nyanzala alikuwa na siri iliyomkosesha usingizi. Kabla ya ugomvi wa mwisho wa wazazi wake, yeye ndiye aliyesahau kufunga zizi kule Mamba. Ng'ombe waliingia shambani wakala mahindi, na baba akamkaripia mama kwa kulea mtoto mzembe. Kesho yake mama akafunga mizigo. Kwa hiyo Nyanzala alijua nani amevunja nyumba. Hakuna aliyemwambia, alijihukumu mwenyewe, bila shahidi hata mmoja.

Jioni ya siku hiyo, akiwa barabarani kama kawaida yake, aliona vumbi. Ng'ombe mweupe mwenye mabaka meusi alikuja akitembea bila haraka, ndama wake nyuma. Alikuwa Mabaka, mmoja wa wale kumi na mmoja. Alimpita Nyanzala kama hamjui, akaingia zizini, akasimama pale pale alipozoea kusimama.

Nyanzala alikimbia hadi kandambili moja ikamtoka. "Bibi, Mabaka amerudi. Wengine watarudi. Mahari ikirudi zizini, si na ndoa inarudi? Baba atakuja."

Bibi Ngolo alikwenda hadi zizini, akamtazama Mabaka. "Tenga ndama," alisema. "Tutazungumza asubuhi."

Alfajiri, Bibi alichukua ndoo kwenda kumkamua Mabaka. Walimwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, halafu Nyanzala akamvuta kando. Bibi alichuchumaa. Mabaka aligeuka, akamtazama, akapiga teke. Ndoo iliruka upande wake, Bibi akaangukia upande mwingine.

"Nilikuwa nakamua kabla mama yako hajazaliwa," Bibi alimfokea ng'ombe. Mabaka akapiga teke la pili.

Mlango wa chumba ulifunguliwa. Josefina alitoka amejifunga kanga, nywele zimesimama, macho yamevimba. "Mayu, unamkosea," alimwambia mama yake. "Anataka kuanzwa upande wa kulia." Alichuchumaa, akaweka paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, na maziwa yakaanza kulia ndani ya ndoo. Mabaka alisimama kimya kama aliyekuwa akimsubiri yeye tu.

"Mama," Nyanzala alisema, "tumfiche. Baba akimfuata, mtapatana."

Mikono ya Josefina ilisimama. "Nyanzala, Mabaka amefuata zizi alilozaliwa. Leo tutamrudisha. Mimi na baba yako hatutarudiana."

"Ni kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyeacha zizi wazi." Machozi yakamshinda.

Josefina aliweka ndoo chini, akamvuta mtoto wake. "Nani alikwambia hivyo? Ugomvi wetu ulianza wewe ukiwa unanyonya. Mahindi yale yasingeliwa, tungegombana kwa jingine. Yale yalikuwa ya wakubwa, na wakubwa ndio walioamua." Akamfuta machozi. "Hata mimi kila usiku najihukumu. Nasema labda ningenyamaza zaidi."

"Wewe kunyamaza?" Bibi alisema akijipangusa samadi. "Ungeanza lini?"

Josefina alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, chenye kutu, lakini Nyanzala alikisikia.

Walimpeleka Mabaka na ndama wake wakiwa wote watatu. Malale aliwapokea kwa heshima, akamwuliza binti yake habari za shule, akamwambia likizo aje akae naye. Njiani kurudi Nyanzala alilia tena, na hakuna aliyemkataza.

Msiwaze kwamba mambo yalinyooka siku moja. Kesho yake Josefina alishindwa kuamka. Bibi hakumfokea, alisimama mlangoni akasema, "Leo usifanye kazi. Nawa uso tu, ukae nje." Siku iliyofuata ikawa kunawa na kukamua ng'ombe mmoja. Halafu wawili, halafu uji pamoja na Nyanzala kabla ya shule, ungali moto, hadi bakuli liwe tupu. Jumapili moja alirudi kwaya, akawaambia wenzake ukweli kwamba haikuwa malaria. Wawili kati yao walisema wao pia waliwahi kuugua hiyo hiyo. Wiki nyingine hali ile ilimrudia, akajifungia siku mbili. Siku ya tatu alinawa uso, akaanza upya.

Mwezi wa tatu tangu Mabaka arudishwe, Nyanzala alikuwa anafagia uwanja mara moja tu. Bibi alimwita jikoni, akamkalisha kwenye kigoda.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Watu wakiachana, mtoto hajaachwa, na si kosa lake. Ukiwa na jambo linakuuma, liseme, usilihukumu peke yako gizani. Na huzuni ikikulaza, amka ufanye kidogo unachoweza, kila siku saa ile ile. Moyo unakuja nyuma polepole, kama ndama." Akainua kifuniko cha chungu. "Haya, chukua maziwa mgando ya... nani amekula maziwa?"

Chungu kilikuwa kimekombwa hadi chini. Josefina alikuwa mlangoni na kibuyu mkononi.

"Sijui," alisema. "Mimi sina hata hamu ya kula. Labda paka."

Bibi na Nyanzala walimtazama mdomo wa juu, uliokuwa na mstari mweupe mnene kutoka shavu hadi shavu.

"Huyo paka," Bibi alisema, "mwambie ajifute, halafu aje tumwongezee ugali."