Munirah Awaandikia Ndugu Zake

Kila asubuhi Munirah alifungua chumba cha marehemu mama yake huko Kawempe, akatazama ukuta, akafunga. Chumba kilibaki na friji na kitanda tu. Mdogo wake Bushira alibeba gurbaba zote, zile kanga za Kinubi, pamoja na vikapu, siku ya tatu tu ya msiba. Eti nguo za mama ni za binti. Ndugu yao wa kiume, Abdul-Karim, kuona hivyo, akabeba cherehani. Tangu siku hiyo hawasemezani.

Munirah akaona dawa ni ujumbe. Akaandika kwenye kundi la familia: "Mimi ndiye mkubwa. Nimeamua. Bushira abaki na nguo, Karim cherehani, mimi friji na kitanda."

"Nani alikupa ujaji, dada?" Karim akajibu, akajitoa kwenye kundi.

Munirah akalia sana. Baba alishatangulia, mama naye kaenda, na sasa ndugu zake wawili anawapoteza kwa ajili ya friji! Akaenda kwa jirani yake, Hajati Maimunah, anayesaidia watu wa msikitini kugawana mirathi, akamsomea ujumbe wake.

"Wewe umehukumu, hukupendekeza," Hajati alisema. "Mama aliacha deni? Aliacha wasia?"

"Hapana. Wazazi wake pia walishakufa. Tumebaki sisi watatu."

"Basi gharama za mazishi zitoke kwanza. Kinachobaki kina mafungu manne: Karim mawili, nyinyi mabinti moja moja. Cherehani haikatwi vipande, kwa hiyo kila kitu kithaminiwe na mtu asiye mrithi. Anayekitaka achukue, kihesabiwe katika fungu lake. Lakini vilivyobebwa virudi kwanza, hata kijiko."

"Na nyumba?"

"Bannange, jamani, usiichanganye na vyombo! Nyumba ina njia yake serikalini na mahakamani."

Munirah akaandika upya: "Ndugu zangu, nisameheni. Hili ni pendekezo tu. Jumamosi turudishe vitu vyote, tuviandike pamoja. Fundi Muhamadi wa mtaani avithamini, Hajati awe shahidi, tugawane kwa sheria ya dini yetu. Kila mtu aseme anakubali au anapinga. Tusipokubaliana, kitu kisiguswe."

Bushira alikubali siku ileile. Kwa Karim, Munirah alikwenda mwenyewe na simu mkononi. Karim alisoma mara mbili, akasema, "Nitakuja."

Jumamosi vitu vyote vilirudi. Orodha haikujaza hata ukurasa. Maisha yote ya mama yalikuwa hayo!

"Cherehani apewe Bushira," Karim akasema ghafla. "Mimi hata uzi siwezi kutia. Na thamani yake asikatwe katika fungu lake, nimemwachia."

"Hujalazimishwa?" Hajati akauliza.

"Sijalazimishwa."

Gharama za mazishi zikahesabiwa, vitu vingine vikagawanywa kwa bei za Fundi Muhamadi. Wote wakatia sahihi kwenye orodha, kila mmoja akabaki na nakala. Hakuna aliyepaza sauti. Walisaidiana kutoa mizigo, kisha wakakaa sakafuni katika chumba kitupu. Tangu mazishi kila mmoja alikuwa analinda kitu. Sasa hapakuwa na cha kulinda, na kwa mara ya kwanza walimlilia mama yao pamoja.