Ndoo ya Kwanza ya Silvesta

Jioni ile nilikuwa naenda kudai maji tu. Sikuwa natafuta majini wala wafu, mimi na mambo hayo wapi na wapi! Nilishika ndoo yangu tupu, nikavuka uwanja mpaka barazani kwa mwenye nyumba, jua likizama nyuma ya mikorosho.

"Shikamoo, Baba Zuhra."

"Marahaba, Mama Mabel. Fundi yuko njiani."

Hata sijafungua mdomo! Jibu hilo tumelila tangu mikorosho inatoa maua, na sasa korosho zinaanguka. Huyo fundi anatembea kwa magoti?

Hapa Newala tuko juu, maji yako bondeni. Yakipandishwa kwetu kwa mgao, yanaingia kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa chini ya uwanja, pamoja na maji ya mvua yatokayo kwenye bati. Pampu ndiyo inayoyavuta kutoka humo mpaka kwenye simtanki juu ya mnara, ndipo yashuke kwenye mabomba yetu sisi wapangaji. Pampu ikifa, unakaa na kiu huku maji yako chini ya miguu yako. Na mfuniko wa kisima mwenye nyumba wetu huyu, Mzee Fakihi, kautia kufuli.

"Baba, leo sijaja kusubiri," nikamwambia. "Mama yangu ananuka."

Akatazama pembeni.

Mama yangu alipigwa na kiharusi. Hasemi, hageuki bila mimi. Lazima aoshwe asubuhi na jioni, na shuka zifuliwe kila siku. Maji ya madumu yanayoletwa na bodaboda hayatoshi. Yaliyooshea mchele yanaosha vyombo, yaliyoosha vyombo yanaingia chooni, na mimi najifuta kwa kitambaa kibichi. Mgongo wake umetoka vidonda. Mwanamke aliyekuwa msafi kuliko wote kule Mkunya sasa ananuka, na anajua. Nikiingia anageuzia macho ukutani. Hilo ndilo lililokuwa linaniua.

"Fundi Cecil alishakuja nilipomwita mwenyewe," nikaendelea. "Mota nzima. Inazunguka lakini haipandishi, inapata moto bure. Alifungua kizibo cha juu, akaishibisha maji. Maji yakazama papo hapo. Unajua maana yake? Kule mwisho wa bomba la kuvutia, ndani ya kisima, kuna valvu ya kuzuia maji yasirudi. Haifungi. Bomba linabaki na hewa, na pampu haiwezi kuvuta hewa. Anachotaka ni kufunguliwa mfuniko tu!"

"Mfuniko haufunguliwi jua likishuka."

"Na jua likipanda?"

Akatupa jicho kwenye mfuniko.

Ndipo nikasikia.

Klang...

Mkono wa ndoo, ule wa chuma, ukiangukia ubavuni mwa ndoo. Nikatazama ndoo yangu. Ilikuwa imetulia.

Klang...

Ilitoka chini. Chini ya saruji.

Mzee Fakihi alikuwa ameshikilia nguzo ya baraza. "Umesikia, eeh?" akanong'ona. "Basi nenda kalale, mwanangu."

Mwili ulinisisimka, siwadanganyi. Lakini hasira ilikuwa imetangulia kufika. Nikaingia jikoni kwangu, nikatoka na mchi wa kutwangia, nikaelekea kwenye mfuniko.

"Mama Mabel! Usivunje! Yumo!"

"Nani yumo?"

Akanieleza mbio mbio, akimeza mate. Kisima kilichimbwa na mtu wa Lupaso, Silvesta, peke yake, kiangazi kizima. Na hapa kwetu, aliyechimba kisima ndiye anayetekewa ndoo ya kwanza kikishajaa. Hiyo ni heshima, hata mtoto anaijua. Mvua ilipokijaza, Silvesta alipanda kutoka Lupaso na ndoo yake. Siku hiyo mzee alikuwa na wageni.

"Nikamwambia asubiri, wageni kwanza. Akasubiri. Nikamsahau. Akaondoka jioni, hajanywa hata tone. Wakamkuta amekufa kwenye mteremko, ameikumbatia ndoo, tupu."

"Kwa hiyo unamwogopa yeye, sisi ndio tuoze?"

Akanirushia ufunguo, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Nilifungua. Harufu iliyopanda haikuwa ya maji. Ilikuwa ya udongo mwekundu uliochimbwa muda huohuo, na jasho la mtu. Kisima cha miaka, kimesakafiwa kote! Nikaifunga ndoo kamba, nikaiteremsha. Ikagusa maji, ikazama. Nikavuta.

Haikuja.

Nikavuta tena. Kamba ikakaza... halafu, taratibu, ikaanza kwenda chini. Ilikuwa inavutwa, kwa mikono miwili, kwa zamu, kama anavyovuta mtu aliyezoea kazi. Ngozi ya viganja ikachubuka. Magoti yangu yakafika ukingoni.

"Achia!" mzee alinong'ona kutoka ukutani. "Achia, atakuchukua!"

Siachii ng'o!

"Silvesta!" nikapiga kelele kule chini. "Mimi naitwa Veridiana. Mimi ni mpangaji tu! Sikukunyima mimi! Umenyimwa wewe, nimenyimwa na mimi, sasa tunagombania nini? Ndoo hii ni ya mama yangu, ana vidonda. Dai lako mpelekee aliyekunyima. Yuko hapa, kasimama ukutani!"

Kamba ikalegea ghafla. Nikaanguka chali.

Ndoo ilipanda imejaa mpaka mdomoni, maji meupe, ya baridi. Usiku huo mama alioga. Nilimwosha polepole, nikambadilisha shuka, naye akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Nililia wazi wazi, sioni aibu kusema.

Kesho yake Fundi Cecil akalivuta bomba juu. Kwenye ulimi wa valvu palikuwa pamenasa uzi wa timazi, ule ambao mchimbaji hupimia ukuta wa kisima kama umenyooka, umezungushwa na kufungwa fundo. Ndiyo maana valvu haikuwa inafunga.

"Uzi unaweza kuanguka," Cecil akasema. "Lakini fundo?" Akausafisha ulimi, akabadilisha sili, mpira wa kuzuia uvujaji, iliyoungua kwa pampu kuzunguka bila maji, akashibisha bomba, akawasha. Simtanki likaanza kunguruma. Wapangaji tulipiga vigelegele.

Mabomba yote yakatoa maji, isipokuwa la Mzee Fakihi.

Cecil alilegeza kiungo nje ya ukuta wake, maji yakamrukia kifuani. Alipokaza, ndani hakikutoka kitu. Hakuna hewa, hakuna uchafu, bomba jipya. Mpaka leo hana maelezo. Na mzee akaanza kunywa kwa majirani, kikombe juu ya kikombe, huku midomo inazidi kupasuka.

Juzi, jua likizama, aligonga mlangoni kwangu. Ameshika ndoo.

"Mama Mabel," akanong'ona, "kwangu hayatoki."

Ulimi uliniwasha nimwambie fundi yuko njiani. Sikuwahi.

Klang...

Mzee alikuwa ameikumbatia ndoo yake kifuani kwa mikono yote miwili. Sauti ilitoka nyuma yake, penye giza la ukuta, na ikaja na ile harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Mzee hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nitekee haraka," akasema. "Tafadhali, mwanangu. Mimi kwanza."

Lakini kwenye foleni ya maji, hapa kwetu, hatuangalii nani mwenye nyumba.

"Sogea, Baba Zuhra," nikasema, nikaelekea bombani. "Huyo wa nyuma yako alitangulia."